Nikitaja tarehe ya kurudi kazini, nitakuwa nimejifunga?

Shikamoo Mama Mshauri,

Kazi yangu ni kuandaa mishahara ya wafanyakazi wote wa kampuni yetu. Nina ujauzito wa wiki 24, mtoto wa kwanza. Kliniki wameniandikia kuwa natarajiwa kujifungua tarehe 20 Oktoba. Likizo ya uzazi kwetu ni wiki 14. Meneja anajua hali yangu, macho anayo, lakini mpaka sasa sijaandika chochote. Juzi aliniita akataka barua yenye tarehe ya kuondoka, mpango wa makabidhiano na tarehe ya kurudi.

Hapo ndipo nilipokwama. Kuondoka, nataka nifanye kazi hadi uchungu unikute ofisini, ili wiki zote nizimalizie na mtoto. Kurudi, nataka kurudi, ila miezi ya mwanzo ningependa nusu siku, na kuna usiku mwingine nalala nikiwaza nisirudi kabisa. Nikiandika tarehe halafu nikaibadilisha nitaonekana mwongo. Nisipoandika, watasema sina nia.

Atakayeshika kazi ni kijana aliye chini yangu. Ni mwepesi, na meneja anampenda. Mwenzetu wa idara nyingine alipotoka likizo ya uzazi alikuta meza yake ina mtu, yeye akapelekwa stoo kuhesabu bidhaa. Mama yangu mzazi ananiambia nisimfundishe yule kijana kila kitu, nibakize ufunguo mkononi. Meneja naye ameniomba nimwachie kijana nywila zangu, na niwe napatikana kwa simu kwa mambo madogo madogo. Nimeshakubali kwa mdomo, maana nilidhani nikipatikana sitasahaulika. Mume wangu anasema niandike mistari mitatu, yaishe. Nifanyeje?

Ni mimi, Mlipa Mishahara

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa ujauzito, na nimefurahi umeniandikia ukiwa wiki ya 24 na si ya 38. Muda unao, na katika jambo hili muda ndio unaokupa nafasi ya kuchagua.

Nianze na tarehe, kwa sababu naona umeichukua ile 20 Oktoba kama siku ya miadi. Hiyo ni makisio. Huhesabiwa wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na ni watoto wachache sana wanaozaliwa siku yenyewe. Kuanzia wiki ya 37 hadi ya 42 ni kawaida tu. Kwa hiyo mtoto wako anaweza kuja mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Novemba bila mtu kusema kuna tatizo. Barua yako ikiandikwa kana kwamba siku moja inajulikana, itapinda mara tu mtoto atakapoamua vingine. Katika barua, mbele ya tarehe hiyo weka neno “inayotarajiwa”, na uambatishe hati ya kliniki au ya daktari inayoitaja.

Sasa chukua kalenda tuhesabu pamoja. Ukianza likizo tarehe 6 Oktoba, yaani wiki mbili kabla, wiki 14 ni siku 98, na siku ya mwisho inaangukia 11 Januari. Unarudi tarehe 12. Mtoto akija siku ileile inayotarajiwa, utakuwa naye siku 84 kabla ya kurudi. Akichelewa siku kumi, unabaki na 74. Ukifanya unavyotaka wewe, ukafanya kazi hadi siku ya kujifungua na mtoto akaja tarehe 20, likizo inaisha 25 Januari na unarudi tarehe 26. Tofauti ni wiki mbili. Si kidogo kwa mama mwenye kichanga, sikatai. Lakini angalia unazinunua kwa nini: wiki ya 39 na ya 40 umekaa mbele ya skrini miguu imevimba, na hatari ya kwamba siku utakayoondoka hukuichagua wewe, pengine katikati ya wiki ya mishahara.

Kuna njia ya kuzipata wiki hizo hizo kwa upande wa pili. Kama una siku kumi za kazi za likizo ya mwaka ambazo hujazitumia, omba ziunganishwe mwishoni mwa likizo ya uzazi. Kutoka 12 Januari unafika 26 Januari vilevile, ikiwa hakuna sikukuu katikati. Ila tenganisha mambo haya mawili katika barua. Likizo ya uzazi ni haki unayoitolea taarifa, na likizo ya mwaka kwa kawaida ni ombi linalohitaji kibali cha mwajiri kuhusu lini uichukue. Ukiyachanganya katika sentensi moja, meneja akikataa ombi, utaanza kubishana juu ya tarehe zote.

Na usisahau kusoma kanuni za utumishi za kampuni na sheria ya kazi inayokuhusu kabla ya kuweka kalamu. Notisi hutofautiana mno. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mwajiri aarifiwe walau miezi mitatu kabla ya siku inayotarajiwa, ikiambatana na hati ya kitabibu, ilhali ya Kenya ya mwaka 2007 inadai siku saba tu kwa maandishi kabla ya likizo kuanza. Kwa tarehe yako, miezi mitatu kabla ni 20 Julai. Ukiwasilisha barua kabla ya hapo unakuwa salama hata chini ya masharti yale marefu. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi kabla ya safu hii, na nakwambia barua iliyopokelewa kwa mdomo haijapokelewa.

Tuje kwenye kurudi, ambako naona ndiko moyo unakouma. Unasema ukiandika tarehe halafu ukabadilisha utaonekana mwongo. Je, ni kweli? Sentensi isemayo “nakusudia kurejea kazini tarehe 12 Januari” inaeleza nia uliyonayo leo. Inamsaidia meneja kupanga mtu wa kukaimu na hadi lini. Kama mwezi wa Desemba moyo utageuka, bado utakuwa na njia ya kawaida ya kuacha kazi kwa notisi ambayo mkataba wako unaitaja. Lakini hapa kuna kipengele kimoja cha kukitafuta: mikataba mingine inamtaka mwanamke aliyelipwa zaidi ya kiwango cha sheria arudishe sehemu ya fedha asiporudi, au afanye kazi miezi kadhaa kwanza. Kisome kabla hujaamua lolote. Huo ndio ukweli unaoweza kukufunga, si ile tarehe.

Kuhusu nusu siku, naziona njia tatu, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kuandika tarehe tu, ukanyamaza, ukaja kuomba ukiwa likizoni. Utakuwa umelinda amani sasa, lakini utakuwa unaomba wakati kampuni imeshapanga bajeti na wewe hupo chumbani. Unaweza kuomba sasa hivi, kwa saa na miezi kamili. Hapo meneja anapata muda wa kujipanga, na kijana anaweza kuendelea kukusaidia mchana, ila hujui bado mtoto atanyonyaje, atalalaje, wala utakuwa na msaada gani nyumbani. Unaweza kuja kugundua kwamba uliomba kisichokufaa, na mshahara umeshapunguzwa. Njia ya tatu ni kuandika tarehe ya kurudi kazi kamili, kisha kuongeza mstari kwamba ungependa kujadili mpangilio wa saa za kazi ifikapo, tuseme, tarehe 1 Desemba. Mlango unabaki wazi, lakini meneja mwenye wasiwasi anaweza kuusoma mstari huo kama dalili kwamba mguu mmoja uko nje. Wewe ndiye unayemjua mtu wako. Ni wa kuandaliwa mapema, au ni wa kushtuka?

Kabla ya kuchagua, uliza pia kuhusu muda wa kunyonyesha. Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unazungumzia mapumziko ya kunyonyesha kila siku au kupunguziwa saa za kazi, na muda huo uhesabiwe kama saa za kazi na ulipwe. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia, lakini nchi nyingi ambazo hazijauridhia nazo zina kifungu cha namna hiyo katika sheria zao. Huenda sehemu ya unachotaka kuomba kama fadhila tayari ni haki yako, na hiyo inabadilisha namna ya kukiomba.

Sasa kijana, na ushauri wa mama yako. Simlaumu mama. Ameona mengi, na kisa cha yule mwenzenu wa stoo kingemtisha yeyote. Lakini hebu tujiulize: ufunguo utakaobaki nao mkononi utafungua nini? Mishahara haisubiri. Ukimficha kijana jinsi ya kukokotoa makato ya mtu aliyeanza kazi katikati ya mwezi, mwisho wa Oktoba simu italia ukiwa wodini. Au haitalia, atakosea, watu watalipwa pungufu, na lawama itakutafuta wewe uliyekabidhi vibaya. Kama kuna anayetaka kukuondoa, utakuwa umempa sababu iliyoandikwa.

Nadhani kinachomlinda mwanamke kwenye meza yake ni namna mbadala wake alivyowekwa. Yule mwenzenu, hivi unajua barua ya aliyechukua nafasi yake ilisemaje? Alikuwa kaimu mwenye tarehe ya mwisho, au alipewa cheo? Mkataba ule wa 2000 unasema mwanamke ana haki ya kurejea kwenye nafasi yake au nyingine inayolingana nayo kwa mshahara uleule. Hilo neno “inayolingana” ndilo linaloleta ugomvi. Kupelekwa kuhesabu bidhaa kwa mtu aliyekuwa na madaraka ni vigumu kukuita kulingana, hata kama mshahara haukuguswa. Katika barua yako unaweza kupendekeza kwa upole kwamba kijana ateuliwe kukaimu kuanzia 6 Oktoba hadi 11 Januari, na kwamba majukumu yarejee kwako tarehe 12. Kijana mwenyewe atafaidika, maana ana haki ya kujua anabeba mzigo hadi lini, na pengine posho ya kukaimu. Hatari iliyopo ni kwamba meneja anaweza kukataa kuandika hivyo. Hilo likitokea ni habari muhimu, na ni heri uipate Julai.

Kumfundisha, ningekwenda kwa mizunguko ya mishahara na si kwa siku. Mwezi wa Julai unaandaa wewe, yeye amekaa pembeni anaandika hatua kwa maneno yake. Agosti anaandaa yeye, wewe unakagua kila mstari kabla ya kwenda kwa mwidhinishaji. Septemba anaandaa peke yake, wewe upo jengoni lakini huguswi hadi akwame. Ukiondoka 6 Oktoba atakuwa ameshalipa watu mara moja bila mkono wako. Na mtoto akiharakisha, akaja katikati ya Septemba, tayari kuna mzunguko mmoja aliouandaa. Ndiyo maana nakuomba usipange makabidhiano yaishe siku ya kuondoka. Hati iwe imekamilika ifikapo tarehe 8 Septemba, wiki ya 34, na yatakayofuata yawe marekebisho tu.

Katika hati hiyo, usipoteze kurasa kueleza yale yanayotokea kila mwezi, kwani hayo atayaona kwa macho. Andika yasiyotokea katika miezi hiyo mitatu. Kwa kazi yako, hayo ni hesabu za kufunga mwaka na taarifa za kodi za kila mfanyakazi, ambazo zitaangukia Desemba na Januari ukiwa nyumbani. Weka pia malipo ya mtu anayeacha kazi, mkopo unaokatwa na utakaokwisha Novemba, na mfanyakazi ambaye makato yake yana amri ya mahakama. Hayo ndiyo yanayofanya watu wapige simu. Kipimo cha hati ni rahisi: mpe mtu wa tatu, asiye wewe wala kijana, aisome na aeleze angefanya nini tarehe 20 ya mwezi. Akishindwa, kuna kitu umekiacha kichwani.

Kwenye nywila, niruhusu niwe mkali kidogo. Usizitoe. Najua umekubali kwa mdomo, lakini malipo yakifanyika kwa jina lako wakati uko likizoni, kumbukumbu za benki na za mfumo zitasema ni wewe. Kukiwa na hitilafu utajitetea na kichanga mgongoni. Kinachotakiwa ni kijana afunguliwe akaunti yake, na benki iarifiwe kwa barua ya wenye mamlaka kuwa kuna mwandaaji mpya wa malipo. Benki nyingi huchukua muda kwa mambo haya, zikidai sahihi na vitambulisho, kwa hiyo ombi liende Julai. Na wakati huohuo akaunti yako isimamishwe kuanzia 6 Oktoba, ifunguliwe 12 Januari. Huna haja ya kumwambia meneja kwamba umebadili mawazo. Mwambie tu umetafuta njia itakayompa kijana uwezo kamili.

Simu ni ngumu zaidi, maana hapo hofu yako ya kusahaulika inasema kwa sauti. Inawezekana kweli kwamba mtu anayepatikana hukumbukwa. Inawezekana pia kwamba hukumbukwa kama mtu ambaye hakuwa likizo. “Mambo madogo madogo” hayana mpaka, na wiki sita za kwanza baada ya kujifungua mkataba ule wa kimataifa unaziweka kuwa likizo ya lazima, kwa ajili ya mwili wako na mtoto. Nchi nyingine zinakataza kabisa kazi katika kipindi hicho bila idhini ya daktari. Pale ambapo malipo ya likizo hutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, kufanya kazi kidogo kidogo kunaweza hata kuleta maswali kuhusu malipo hayo. Unaweza kukataa kabisa. Unaweza pia kujitolea kwa mpaka: hakuna simu hadi mtoto afikishe wiki sita, baada ya hapo maswali yaje kwa maandishi mara moja kwa mwezi kutoka kwa mtu mmoja, na uyajibu ukiweza. La kwanza litakupa utulivu na pengine kununiwa kidogo. La pili litampendeza meneja, lakini mipaka ya namna hii ina tabia ya kuliwa pembeni, na utahitaji moyo wa kutopokea.

Mume wako ana jambo moja la kweli: barua yenyewe iwe fupi. Maelezo ya makabidhiano yawe kiambatisho. Mfano wa kukusaidia kuanza, uubadilishe upendavyo:

“YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI. Natoa taarifa kuwa natarajia kujifungua tarehe 20 Oktoba, kama hati ya kliniki niliyoambatisha inavyoonyesha. Nakusudia kuanza likizo ya uzazi ya wiki 14 tarehe 6 Oktoba na kurejea kazini kwenye nafasi yangu tarehe 12 Januari. Nikijifungua kabla ya 6 Oktoba, likizo itaanza siku hiyo, na nitaarifu ofisi tarehe mpya ya kurudi. Napendekeza msaidizi wangu akaimu katika kipindi hicho, kwa mpango wa makabidhiano ulioambatishwa. Naomba uthibitisho wa tarehe hizi kwa maandishi.”

Ile sentensi ya kujifungua mapema usiifute. Bila hiyo, mtoto akija Septemba ofisi inaweza kuhesabu siku zako za wodini kama utoro au ugonjwa. Akichelewa, uliza kama sheria yenu inaongeza siku. Mkataba wa kimataifa unataka sehemu ya likizo iliyo kabla ya kujifungua irefushwe kwa siku alizochelewa, bila kugusa zile wiki sita za lazima, lakini si kila mwajiri hufanya hivyo bila kukumbushwa.

Ukishajifungua, mume wako apeleke ujumbe mfupi na nakala ya hati ya uzazi kwa idara ya utumishi, akitaja tarehe halisi. Halafu katikati ya Desemba andika mistari miwili ya kuthibitisha tarehe ya kurudi, au kuleta mazungumzo ya saa, au ya kuondoka, kadiri moyo utakavyokuwa umetulia. Kabla ya kuituma angalia kipindi cha notisi kwenye mkataba wako: kama ni mwezi mmoja na umeamua kutorudi, katikati ya Desemba utakuwa umechelewa, na barua hiyo inatakiwa iwe imefika ifikapo tarehe 11.